Toba ya Macho Wazi

Mchungaji wetu wa Matinyani aliponishika mkono nje ya kanisa, Desemba ile, akaniambia kwamba Mungu amemwonyesha video, nilijua Mungu huyohuyo amemwonyesha pia nani wa kuiandika bure. Kazi yangu ni kuandika matangazo na michezo mifupi ya redio mjini Kitui. Nawa mikono. Chanja mbuzi. Usivuke mto ukifurika, hata kama shemeji yako amevuka. Nilikuwa nimekuja nyumbani kwa baba kupumzika, na nilikuwa nimeapa kwamba likizo hiyo sitaandika hata orodha ya sukari na majani.

"Video ya kufungua mwaka," mchungaji alisema. "Tuionyeshe Jumapili ya kwanza, halafu iingie kwa magrupu yote ya WhatsApp. Iwe na toba. Iwe na mabadiliko. Iwe na moto."

"Moto wa namna gani, Pasta?"

"Moto, moto. Unawaka nyuma yangu nikihubiri. Na kama kijana wa kamera anaweza kuweka simba, simba apite hapa."

Nilimwambia nitaiandika kwa masharti mawili: asihubiri, na simba asipite. Alicheka akidhani natania.

Baraza la wazee liliitwa kujadili. Tuliketi kwenye ofisi ya kanisa, ambayo pia ni stoo ya viti vya plastiki na sufuria za harusi. Mwenyekiti wa baraza alikuwa baba yangu mwenyewe, kwa suti yake ya kahawia. Mweka hazina alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kengele, asiyewahi kukubali jambo kabla ya kulipinga. Nikawaeleza jinsi hati ya video inavyoandikwa. Unaugawa ukurasa mara mbili: kushoto unaandika kile jicho litakachoona, kulia kile sikio litakachosikia. Unamfuata mtu mmoja, maana umati hauna uso. Tatizo lake unalileta mwanzoni kabisa, kabla kidole cha mtazamaji hakijasukuma kioo kwenda kwa video ya paka. Sentensi ziwe fupi, na uzisome kwa sauti. Ukiishiwa na pumzi, kata.

Halafu nikafika kwenye kiini. Azimio la mwaka mpya huvunjika mapema kwa sababu watu huanzia mwisho. Wanataka kuwa wapya bila kusema kilichooza ni kipi. Kwa hiyo toba kwanza, na toba yenyewe ina utaratibu wake: unalitaja kosa kwa jina lake, huweki "lakini", husemi "kama nimekukosea", unamwendea uliyemkosea, na kama ulimharibia mbele za watu, unamtengenezea mbele za watu. Ya pili ni tabia ndogo ya kila siku, ndogo kiasi kwamba hata siku uko na malaria unaweza kuifanya, na unaifunga kwenye kitu ambacho tayari unakifanya bila kukumbushwa. Ukikosa siku moja, hufidii kwa fujo. Unarudi tu kesho yake. Ya tatu ni lengo linalowezekana, yaani lililo mikononi mwako, si mikononi mwa mtu mwingine.

"Kama kanisa lote kuwa bila dhambi kufikia Pasaka," mchungaji alisema.

"Hapana, Pasta."

"Kufikia Juni?"

Mama mweka hazina aliinua mkono. "Na huyo mtu wa kutubu ni nani?"

"Mwigizaji," nikasema. "Tutamchagua."

"Ataigiza toba?"

 Mtu alisogeza sufuria. Yule mama akasimama, na ninakumbuka neno kwa neno alichosema, kwa maana kiliniharibia likizo. "Mtu ameokoka hawezi kusimama mbele ya kamera aseme aliiba kuku na hakuiba. Huo ni uongo, na uongo ni dhambi. Na kama aliiba, basi hiyo si kuigiza, hiyo ni kukiri. Kwa hivyo wacha tuamue. Dhambi itaingia kwa hii video iwe ni ya huyo mtu kabisa, ya ukweli."

Wazee wote waliitikia. Nilijaribu kueleza kwamba redioni mimi nimeua watu wengi sana kwa kipindupindu na wote walirudi makwao wakala chajio. Haikusaidia. Baba aligonga meza, uamuzi ukapita, na hivyo nikawa mtu wa kwanza katika kata nzima kupewa kazi ya kutafuta mwenye dhambi halisi kwa kiti na miadi.

Wakaja. Niliweka meza chini ya kipaa cha nyumba ya baba, nikawapokea mmoja mmoja, na kwa siku hizo chache nilijifunza kwamba wenzangu wako tayari kutubu kila kitu isipokuwa walichokifanya. Mwanamume mmoja alikuja na dhambi nzuri sana, yenye mwanzo na mwisho, lakini ilikuwa ya jirani yake. Mwingine alimleta mke wake atubu, yeye akabaki amesimama nyuma yake akimkumbusha. Mama mmoja alikiri kwamba husinzia wakati wa mahubiri, na akaanza kueleza kwa nini, ikabidi mchungaji, aliyekuwa ameketi kando yangu, akumbuke ana mgonjwa wa kutembelea. Kwaya ilijitolea kutubu kwa pamoja, wakiwa na sare, kwa sauti nne, kwa ajili ya mambo yote kwa ujumla. Palikuwa na ndugu mmoja tu mwenye dhambi ya kweli na ya kwake, lakini ameitolea ushuhuda miaka mingi hadi watoto wa shule ya Jumapili wanaweza kuimalizia.

Malengo yao nayo yalinichosha. Kila mtu alitaka kukesha akiomba, kuacha sukari, kulima shamba lote mara mbili na kumpenda mama mkwe, yote kuanzia tarehe moja asubuhi. Nilimwuliza mzee mmoja ni kitu gani kidogo angeweza kukifanya kila siku. Akafikiri sana, akasema, "Kuchimba kisima."

Jioni moja baba alivuta kiti, akaketi mahali wanapoketi wenye dhambi. Alikuwa amevaa ile suti.

"Mwaitu," alisema. Kwetu baba humwita binti yake mama, kwa sababu amepewa jina la mama yake. "Watu wamekataa. Mwenyekiti lazima aonyeshe njia. Andika mimi."

"Na unatubu nini, Baba?"

"Hasira kwa ng'ombe."

Nikaweka kalamu chini. Nilijua anachopaswa kutubu, naye alijua kwamba najua, na ng'ombe wetu alikuwa na ushahidi kwamba si yeye.

Baba ana dada mmoja tu, shangazi yangu, ambaye ana hoteli ya madereva wa malori huko Mtito Andei. Mama yangu alipofariki nikiwa darasa la tatu, huyu shangazi ndiye aliyenichukua likizo zote, akanisuka, akanifundisha kukanda chapati na kumfokea dereva anayeweka miguu juu ya kiti. Kama nina ulimi, ni wake. Na kwa miaka kadhaa sasa alikuwa hajakanyaga Matinyani, na kaka yake hakuwa amekanyaga Mtito, na mimi nilikuwa kati yao kama kamba ya nguo.

Ilitokea hivi. Baba alikuwa akitoka Mombasa kwenye mkutano wa wazee, basi likasimama Mtito, akaingia hotelini kwa dada yake kusalimia. Shangazi alikuwa ameenda sokoni. Baba aliketi, akaangalia rafu, akaona chupa za bia zimepangwa safu kwa safu. Hakuuliza mtu. Alipanda basi lake. Jumapili ya mavuno ilipofika, shangazi akaja Matinyani na kiondo amekifunika na leso, akaketi mbele kabisa, na baba akaitwa kuomba. Akafumba macho. Akaomba kwa ajili ya mvua, na shule, na serikali. Halafu, mbele ya kanisa limejaa na wageni kutoka Wote na Kibwezi, akasema: "Na umkumbuke dada yangu, Bwana, unamwona hapa mbele, anayewauzia madereva pombe huko barabarani. Mfungue."

Ndani ya kiondo mlikuwa na asali. Kila mtu Ukambani anajua asali huuzwa kwa chupa ya bia. Ndiyo chupa ipatikanayo, inaoshwa, inachemshwa, inajazwa. Baba mwenyewe amekula asali ya chupa hizo tangu aote meno. Lakini alikuwa ametoka kwenye mkutano wa wazee, ambako mada ilikuwa pombe, na alikuwa anaona pombe kila mahali.

Shangazi hakutoka. Kwetu maombi hayakatizwi, na mtu haondoki mtu mwingine akiwa anaongea na Mungu. Alikaa kichwa ameinamisha hadi amina, tena baba aliomba kwa urefu. Kisha akasimama, akachukua kiondo chake alichokileta kwa sadaka, akanipa mimi langoni, akaenda zake. Baadaye chama cha akina mama cha kanisa lake la Kibwezi kilimwondoa kwenye uongozi, maana habari ilifika kabla yake.

Baba aliambiwa ukweli wiki hiyohiyo. Na jibu lake, ambalo nililisikia kila nilipojaribu, lilikuwa moja: "Sikumsema yeye. Nilikuwa naongea na Mungu. Yeye ndiye alisikiliza maneno si yake." Ninakiri nilishawahi kutoka nje na kuupiga teke mti wa mpapai.

Kwa hiyo jioni ile nilimwambia, "Baba, ng'ombe hapana. Tubu ile ya asali, ama niwaambie baraza hakuna mwenye dhambi Matinyani, tupige picha ya maua."

Akaangalia mikono yake. "Kama ni hiyo," alisema, "nitaitubu kwa Mungu."

"Kwa Mungu ulishazungumza. Sasa ni zamu ya shangazi."

Nikaandika. Kushoto: mzee ameketi mezani kwake asubuhi, birika, kikombe. Kulia: sauti yake, sentensi chache. Nilimwita fundi wa kamera, jamaa wa mjini anayepiga picha za harusi na mazishi, na ambaye hawezi kuweka kamera chini bila kuuliza bibi harusi ataingilia wapi. Majirani wakaja na viti vyao, mama mweka hazina mbele kabisa. Tukaanza.

Tatizo lilijitokeza mara moja. Baba hawezi kutamka jambo zito na macho wazi. Kila alipofika kwenye neno "dada", kope zilishuka zenyewe, mikono ikashikana, na sauti ikapanda ile ngazi ya madhabahuni. "Nilimkosea dada yangu… ee Bwana, wewe unayejua mioyo…" Majirani wote nao wakafumba macho. Fundi wa kamera, ambaye hakulelewa vibaya, akafumba pia, kamera ikawa inapiga picha ya paa.

"Baba, macho!"

"Yako wapi?"

"Yamefungwa!"

Tukarudia. Safari hii alifungua macho lakini akaingiza "lakini". "Nilisema maneno mabaya juu ya dada yangu, lakini zile chupa zilikuwa za bia." Tukarudia. "Nilimkosea dada yangu, kama alikosewa." Tukarudia. "Makosa yalitendeka." Hapo nilitupa hati chini nikaenda kunywa maji, maana redioni nimeandikia wanasiasa na niliijua sentensi hiyo inapozaliwa.

Fundi alinifuata. "Madam, mzee ako fiti, sauti iko sawa. Shida ni macho haina pa kukaa. Mpatie kitu aangalie. Hata kwa harusi, bwana harusi akilia tunampea maua ashike."

Ilikuwa akili. Niliingia ndani, nikatoa kwenye kabati ile chupa. Asali ya shangazi niliimaliza zamani, kwa kijiko, kwa uchungu na kwa raha, lakini chupa niliiweka, na kila mwaka nilikuwa naijaza kwa muuza asali wa sokoni. Lebo yake ya bia haikuwahi kubanduka yote. Niliiweka mezani mbele ya baba. Aliitambua. Akaishika kwa mikono miwili, akaitazama, na kwa mara ya kwanza macho yake yakabaki wazi. Yakajaa machozi, ila hakuyafunga.

"Endelea," nikasema taratibu. Fundi akasogeza kamera karibu.

Ndipo mchungaji alipotokea kwenye kona ya nyumba, akija kuona kazi inavyoendelea. Sasa jiweke mahali pake. Aliona mwenyekiti wa baraza la wazee, ndani ya suti, mchana peupe, amekumbatia chupa ya bia mbele ya kamera na majirani, akilia.

Hakuuliza mtu. Alisimama palepale, akainua mkono mmoja, akafumba macho. "Ee Bwana!"

Na vichwa vyote vikainama. Changu pia, sikukiamuru, kiliinama chenyewe.

"Mkumbuke mzee wetu, Bwana! Unamwona hapa, adui amemshika kwa chupa!"

"Pasta, hii ni—" baba alianza.

"Ssss! Maombi," mama mweka hazina alimkemea kutoka kwenye kiti chake. Baba akanyamaza. Angefanya nini? Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Akainamisha kichwa, chupa mkononi, na mchungaji akaomba. Mchungaji wetu ana kipawa. Alimkemea pepo wa chupa. Alipanda hadi kwa babu yetu, ambaye inasemekana alipika pombe, akashuka hadi kwangu, "na huyu binti, Bwana, anayevitoa vitu hivi mjini." Alitaja kwamba mzee amekuwa akificha. Aliomba kwamba majirani waliopo wasikwazike, na majirani waliopo, ambao hawakuwa wamekwazika hata kidogo, wakaanza kuguna. Nilimchungulia baba. Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama, na mwili wake mzima ulikuwa unataka kusema neno moja tu, asali, na hakukuwa na mahali pa kulisema.

Amina ilichelewa mno. Ilipofika, baba aling'oa kizibo, akamnyooshea mchungaji chupa. Mchungaji alinusa. Akatia kidole, akaramba. Uso wake ulibadilika pole pole, ukapita utamu kwanza kabla ya kufika kwenye aibu.

"Ni asali," alisema.

"Ni asali," baba alisema.

"Sasa mzee, usikasirike. Sikukusema wewe. Mimi nilikuwa naongea na Mungu."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku hiyo tulikuwa tumecheka sana. Baba alikuwa anamtazama mchungaji kama mtu aliyekutana na koti lake mwenyewe limevaliwa na mwingine. Akaketi.  Halafu, bila kuniangalia, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwaitu. Yeye alikaa mpaka amina?"

"Alikaa, Baba."

"Na niliomba muda mrefu?"

"Ulipitia na serikali."

Akafuta uso kwa kitambaa, akamwambia fundi, "Washa." Na hivi ndivyo alivyosema, macho wazi, chupa mbele yake, na sikubadilisha hata herufi: "Niliona chupa kwa dada yangu. Sikuuliza. Nilisema mbele ya kanisa anauza pombe. Ilikuwa asali. Nilijua ni asali wiki hiyohiyo, na nikanyamaza kwa sababu ya kiburi. Nilimharibia jina."

 Fundi aliinua kidole gumba. Mimi nilikuwa nalia waziwazi na sikujali nani ananiona.

"Haijaisha," baba alisema. "Umeandika hapo mtu aende kwa yule alimkosea. Hii video isidanganye. Nani ako na gari?"

Mchungaji ndiye aliyekuwa na gari, na hakuwa katika hali ya kukataa. Kesho yake tukashuka barabara ya Mutomo hadi Kibwezi, tukaingia barabara kuu ya Mombasa. Baba aliketi mbele akirudiarudia maneno yake kwa midomo bila sauti. Kila baada ya muda nilimsikia akianza "laki—" akajizuia.

Tulifika Mtito wakati wa chakula cha mchana. Hoteli ilikuwa imejaa madereva na matanboi, wasaidizi wao wa malori, ugali na nyama ya mbuzi, redio juu. Shangazi alikuwa kwenye kaunta, amenenepa kidogo, leso kiunoni. Alituona mlangoni, akaacha kukata chapati, kisu kikabaki juu. Nyuma yake, kwenye rafu, zile chupa zilikuwa zimepangwa safu kwa safu.

Nilikuwa nimemwambia baba amwite kando. Alikataa, alisema hakumsema kando. Alisimama katikati ya meza, akavua kofia. Kope zake zilianza kushuka, nikamwona anazipandisha kwa nguvu, kama mtu anayenyanyua debe la maji. Akasema yote. Madereva waliacha kutafuna. Mmoja alizima redio.

Shangazi alisubiri hadi neno la mwisho. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hakuna amina?"

"Sikuwa naomba. Nilikuwa naongea na wewe."

Hapo nilimwona shangazi yangu akigeuka kuangalia ukuta, na mabega yake yakatikisika mara moja. Alipotugeukia tena alikuwa amejitengeneza. "Keti. Ule. Kuhusu kusamehe, sijui. Hiyo yako ni ya siku moja, yangu ni ya miaka. Usinikimbize."

Baba alinitazama, na mimi nikatazama meza. Hati ilisema lengo liwe mikononi mwako mwenyewe, na msamaha ulikuwa mikononi mwa shangazi, pamoja na kile kisu. Baba akasema, "Si kukukimbiza. Mimi nikimimina chai asubuhi, kabla ya kunywa, nitakupigia simu nikusalimie. Hiyo tu. Ukitaka usishike."

"Simu yangu ni ya kazi," shangazi alisema. "Na asali tunauza, mchungaji wako akitaka."

Mchungaji alinunua. Na nitampa haki yake: tuliporudi aliomba tuikate ile sala yake kwenye video, halafu akafikiri usiku, akaja asubuhi na kusema tuiache, na yeye pia awekwe. Aliketi kwenye kiti kilekile akasema, "Niliona chupa. Sikuuliza. Niliomba." Ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na haikuwa na moto wowote nyuma. Fundi wa kamera alitumia akili yake, akaweka maua yakielea pembeni. Nilimwacha.

Jumapili ya kwanza video ilionyeshwa ukutani kwa shuka jeupe. Watu walicheka hadi mtu akaanguka kutoka kwenye benchi, kisha wakanyamaza kwa namna ambayo sijawahi kuisikia kanisani. Chama cha akina mama cha Kibwezi kiliipata kwa simu kabla ya chakula cha mchana. Mama mweka hazina alisimama kupinga, akakosa cha kupinga, akaketi.

Shangazi hakuja. Lakini baba aliendelea na kitu chake kidogo. Kila asubuhi alimimina chai, akaweka simu kwenye meza, akapiga, na kikombe kikitoa mvuke. Siku za mwanzo haikushikwa. Halafu ikashikwa, bila neno, nikasikia tu sufuria za Mtito. Baba alikuwa anasema, "Habari ya asubuhi, ni mimi, kazi njema," na kukata. Kisha ikawa "ehe." Mwisho wa Januari ikawa, "Huku kuna joto." Baba alifurahia joto hilo wiki nzima.

Nilikuwa nimerudi kazini mjini, nikija wikendi tu. Jumamosi moja Februari, ng'ombe wetu, yuleyule, alikwama kwenye mtaro asubuhi na mapema. Tulipomtoa jua lilikuwa kali. Baba aliingia ndani na matope, akanywa chai iliyopoa kwa kiu akiwa amesimama, na alipoweka kikombe chini ndipo akaikumbuka simu. Alishtuka kama aliyepoteza mtoto sokoni. "Nimeharibu," alisema. "Nimekunywa bila kupiga." Nilimwambia video yenyewe inasema ukikosa siku moja unarudi tu kesho, usijitese. Akasema video hiyo niliandika mimi, na mimi nilikuwa najua nini.

Simu ikalia mezani. Aliishika kwa vidole vya matope, akabonyeza kipaza sauti kwa bahati mbaya, na sauti ya shangazi ikajaa jikoni.

"Uko hai?"

"Niko hai. Ng'ombe aliingia mtaro."

"Mimi nilidhani umekufa." Sufuria zikasikika, na dereva fulani akiitisha supu. "Mwanaa mwaitu, chai yangu imepoa hapa nikikungoja."

Mtoto wa mama yangu. Hakuwa amemwita hivyo tangu Jumapili ile ya mavuno.  Niliona kope za baba zinashuka, nikafikiri sasa ataomba, na safari hii ningemwachia. Lakini alizipandisha, akanifanyia ishara kwa mkono nilete birika, akamimina kikombe kipya, ingawa alikuwa ameshakunywa.

"Mimina nyingine," alimwambia dada yake. "Mimi nimeshamimina yangu."